Ukisema "kwa hayo machache", keti

Katika mikutano ya wakazi Ziwani, kama kwingineko Eastlands, kila mtu anayajua maneno ya kufungia hotuba: "Kwa hayo machache..." Yakitamkwa tu, viti vinaburutwa, simu zinatoka mifukoni. Kisha mzungumzaji anaongeza, "Lakini kabla sijaketi," na dakika tano baadaye, "Jambo la mwisho kabisa." Ombi lililowaleta watu ukumbini mara nyingi huwa bado halijasemwa, na masikio yameshaondoka.

Vijana ninaowasaidia kuandaa hotuba huandika sentensi mbili za mwisho kwanza, kabla hata ya salamu. Ya kwanza huomba tendo moja. Ya pili humwambia msikilizaji kwa nini tendo hilo linamhusu yeye.

Tuseme mtaa unajadili kujengwa upya kwa nyumba za kaunti. Rasimu huishia hivi: "Tuwe macho, tushirikiane, tutetee haki zetu." Makofi yatapigwa, lakini hakuna atakayejua afanye nini kesho. Ombi linalofanya kazi hutaja nani, nini, wapi na lini: "Kila nyumba ilete nakala ya risiti ya kodi kwa katibu, hapa ukumbini, Jumamosi kabla ya saa sita." Katibu asimame hapo hapo, aonekane. Kisha sentensi ya kufungia: "Orodha ikienda kaunti bila nyumba yako, huko itasomeka kana kwamba hukai Ziwani." Baada ya hapo, aketi.

Ombi la pili, hata liwe zuri, hulidhoofisha la kwanza; lisubiri mkutano mwingine. Shukrani kwa chifu na wageni zihamie mwanzoni. Maswali nayo yaje kabla ya sentensi hizo mbili, la sivyo neno la mwisho litakuwa la jirani anayelalamikia maji.

Miisho ya uongo ni rahisi kuigundua. Mzungumzaji amsomee rafiki hotuba nzima, na rafiki ainue mkono kila anapodhani imekwisha. Mkono ukiinuka mara mbili, kuna mwisho mmoja wa ziada. Kwa kawaida cha kukata ni "kwa kumalizia" iliyotamkwa mapema, au hadithi iliyofungwa vizuri mno katikati.

Jomo Kenyatta alikuwa na njia yake: aliita "Harambee!" na umati ukaitikia kwa sauti moja. Mwitikio ule uliufanya mwisho uwe wa watu wote, na baada yake ni vigumu kurudia hoja. Lakini mwito huhitaji umati unaoujua na uliochangamka. Mbele ya watu ishirini waliochoka jioni, mwito usioitikiwa huharibu hata ombi zuri, kwa hiyo hapo napendelea sentensi tulivu.

Na mwenyekiti akimrudishia mzungumzaji kipaza sauti "aongeze kidogo", ataje tena Jumamosi, ukumbi na jina la katibu, akirudishe.