Nyama ya Mwaka Mzima kwenye Friza: Iliwe au Itupwe?

Idi ya kuchinja inakaribia tena, na chini ya friza mmekuta mafungu matatu ya mwaka jana: nyama ya ng'ombe ya vipande, nyama ya kusaga na vibua.

Je, bado ni salama?

Friza ikikaa kwenye nyuzi joto 18 chini ya sifuri bila kukatika, bakteria hawazaliani. Nyama iliyoingia nzuri haigeuki sumu kwa kukaa, hata mwaka upite. Lakini baridi haiwaui wote. Waliokuwamo siku ya kugandisha wataanza kuzaliana tena nyama ikiyeyuka na kupata joto, ndiyo maana huyeyushwa ndani ya friji, si mezani, kisha hupikwa ikaiva hadi ndani.

Kinachopungua ni nini?

Ubora. Mfuko ukiwa na hewa, nyama hukauka juu na kufanya madoa ya kijivu. Madoa hayo hayadhuru. Yakateni, mpike iliyobaki. Hewa hiyohiyo huharibu mafuta, na mafuta ya samaki huharibika upesi kuliko ya ng'ombe.

Mafungu yetu matatu

*Nyama ya vipande* hubaki na ladha kwa miezi 4 hadi 12. Hii ipikieni mchuzi, kwa kuwa ukavu wake hautaonekana.

*Nyama ya kusaga* ladha yake hudumu miezi 3 hadi 4, maana kusaga huifikisha hewa kila mahali. Inalika, ila imefifia.

*Vibua*, samaki wa mafuta, ni wazuri kwa miezi 2 au 3. Baada ya mwaka huenda wakanuka mafuta ya zamani na kuwa na uchungu. Wakiwa hivyo, watupeni.

Kwa vibua na jodari, kumbukeni pia walivyofika nyumbani. Samaki hawa wakikaa kwenye joto kabla ya kugandishwa hujenga histamini, inayomfanya mlaji awe mwekundu usoni, aumwe kichwa na kuwashwa. Baridi haiiondoi, wala moto.

Umeme ukikatika

Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hutunza baridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Gandisheni kikombe cha maji, mweke sarafu juu ya barafu, mkiache humo. Mkirudi safarini mkakuta sarafu imezama chini, jueni barafu iliyeyuka ikaganda upya.

Nyama yenye chembe za barafu bado inaweza kupikwa au kugandishwa tena. Iliyokaa zaidi ya saa 2 kwenye joto linalozidi nyuzi 4 itupeni hata kama hainuki, kwa sababu salmonela haina harufu.

Basi kabla ya kuhesabu miezi, ulizeni kwanza: je, tangu siku ya kugandishwa nyama hii imewahi kuyeyuka?