Laptopu Yenye Chipu Mbili za Picha

Kazi yangu hapa Jinja ni kutengeneza kompyuta, na wengi waliosoma shule yetu huniletea mashine zao. Upo ugonjwa mmoja unaowasumbua sana. Laptopu hufanya kazi vizuri asubuhi nzima. Kisha mwenyewe akifungua programu fulani, skrini huwa nyeusi, au picha huganda, au mashine hujizima na kujiwasha yenyewe. Watu husema ni virusi, nao hufuta kila kitu wakaanza upya, na ugonjwa hurudi. Basi leo napenda kuwaeleza chanzo kimoja cha ugonjwa huo, na dawa yake.

Laptopu nyingi zina chipu mbili za kutengeneza picha. Ya kwanza imo ndani ya prosesa yenyewe, nayo hutumia umeme kidogo. Ya pili ni kubwa, imekaa peke yake, nayo hutumika kwa michezo na michoro mizito. Fikirini jiko lenye wapishi wawili. Mmoja hupika kila siku. Wa pili ni mpishi wa karamu, na pasipo karamu hulala. Tena jiko hilo lina dirisha moja tu la kutolea chakula, nalo ni la mpishi wa kila siku. Mpishi wa karamu akimaliza kupika, humpa mwenzake sahani, naye ndiye huipitisha dirishani. Ndivyo ulivyo mpango wa Optimus, uliotolewa na NVIDIA mwaka 2010: skrini imeunganishwa na chipu ndogo, na chipu kubwa huamshwa panapohitajika, kisha hulazwa ili kuokoa betri.

Mpango huo ni mzuri, lakini hatari yake imo katika kuamsha na kulaza. Windows ikiipa chipu kazi huisubiri sekunde 2 tu. Ikiwa chipu haijajibu, Windows huianzisha upya draiva yake, yaani ile programu inayoiendesha. Ikifaulu, skrini hupotea kidogo kisha hurudi. Isipofaulu, mashine huanguka.

Sasa natoa mfano. Mwenzetu mmoja aliyesoma hapa huchora ramani za nyumba mjini Mbale. Alikuja na laptopu yake kwa njia ya Tirinyi, akaniambia, "Ndugu yangu, mashine hii itanikosesha wateja. Mvua ikinyesha Masaba umeme hukatika, nami nikifungua mchoro kwa betri, kazi yote hupotea." Maneno yale "kwa betri" yalinifaa sana.

Kwanza nilisoma kumbukumbu za mashine. Fungua Event Viewer, kisha Windows Logs, kisha System, utazame saa ile ile mashine ilipoanguka. Kwenye mashine yake palikuwa na namba 4101, maana yake draiva ya picha iliacha kujibu, ikaanzishwa upya. Mahali pengine palikuwa na namba 41 ya Kernel-Power. Hiyo haitaji mkosaji. Inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri.

Pili nilitaka kujua kama ni joto. Joto huua mashine baada ya kazi nzito ya dakika nyingi, na feni hupiga kelele kwanza. Kuhama chipu huangusha mashine katika sekunde chache za kufungua programu, hata ikiwa baridi. Nikaifungua programu yake ya kuchora mara 10 chaja ikiwa imechomekwa: haikuanguka hata mara moja. Nikachomoa chaja, nikaifungua mara 10 nyingine: ilianguka mara 4. Basi nilijua si joto, wala si mchoro wenyewe.

Kwa nini betri? Njia inayounganisha chipu kubwa na prosesa huitwa PCI Express. Katika mpango wa kawaida wa Windows, njia hiyo hubanwa umeme zaidi mashine ikiwa kwenye betri, na baadhi ya mashine huchelewa kuamka kutoka usingizi huo. Nikaondoa ubanaji huo kwa upande wa betri, kwa amri hizi mbili, nikizitoa kama msimamizi wa mashine:

```
powercfg /setdcvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_PCIEXPRESS ASPM 0
powercfg /setactive SCHEME_CURRENT
```

Sifuri ile maana yake ni kutobana kabisa. Nikajaribu tena mara 10 kwa betri, ikaanguka mara 1. Hayo ni maendeleo, lakini mchoraji hawezi kutegemea mashine inayoanguka mara moja katika kumi. Kwa hiyo niliamua kwamba kwa kawaida mashine isihame kabisa.

Katika laptopu yenye chipu ya Intel na ya NVIDIA, fungua NVIDIA Control Panel, ingia Manage 3D settings, na chini ya Global Settings chagua Integrated graphics. Kisha fungua Settings za Windows, uingie System, Display, Graphics. Hapo utaje programu moja moja: Power saving ni chipu ndogo, na High performance ni chipu kubwa. Neno la Windows juu ya programu iliyotajwa hushinda lile la jumla, kwa hiyo usiishie kwenye lile la kwanza. Tena ufunge programu na kuifungua upya, maana badiliko halishiki programu iliyokwisha kufunguliwa.

Ukitaka kuhakikisha, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ili upate Task Manager. Katika ukurasa wa Processes ongeza safu ya GPU engine. Programu inapofanya kazi, safu hiyo itakuonyesha kama inatumia GPU 0 au GPU 1, na ukurasa wa Performance utakuambia kila namba ni chipu gani.

Programu ya kuchora ya mwenzetu niliiweka kwenye chipu ndogo. Nikaifungua mara 20 kwa betri, haikuanguka. Kugeuza mchoro mkubwa kulikuwa kuzito kidogo, lakini ramani za nyumba ya kawaida zilikwenda vizuri. Ile programu nyingine ya kutengeneza picha za rangi za nyumba niliiacha kwenye chipu kubwa, kwa masharti kwamba aitumie chaja ikiwa imechomekwa, na ahifadhi kazi yake kabla ya kuifungua.

Wako wanaoizima kabisa chipu kubwa katika Device Manager. Njia hiyo hufaa kwa majaribio, lakini ina hasara mbili. Katika laptopu nyingi tundu la HDMI limeunganishwa na chipu kubwa, basi ukiizima, projekta ya darasani haitaonyesha kitu. Tena katika baadhi ya mashine chipu iliyozimwa hivyo huendelea kula umeme, kwa kuwa hakuna draiva ya kuilaza. Na chipu ndogo usiizime, kwa maana dirisha la jiko ni lake.

Ikiwa mashine inaendelea kuanguka hata programu zote zikiwa kwenye chipu ndogo, basi ugonjwa si huu wa kuhama. Hapo pima joto, kumbukumbu ya RAM na chaja, kimoja kimoja, ukiandika kila jaribio na matokeo yake, kama nilivyofanya kwa mashine ya Mbale.