SOMO: BARUA PEPE YA MAKABIDHIANO KATIBU AENDAPO LIKIZO

Katibu wa chama cha msingi anapokwenda likizo ya siku 28, yampasa amwandikie anayekaimu barua pepe ya makabidhiano, na nakala yake impelekee Mwenyekiti. Barua hiyo ipelekwe siku tatu kabla ya kuondoka, ili Kaimu apate nafasi ya kuuliza. Ina sehemu tatu.

1. Kazi zinazoendelea. Kila kazi ionyeshe ilipofikia, hatua inayofuata, tarehe, na mahali zilipo hati. Kwa mfano, Katibu wa chama cha kahawa akiandika, "Fuatilia magunia ya ghalani," Kaimu hatajua aanzie wapi. Yafaa aandike hivi:

"Magunia 140 ya kahawa ya maganda yamo ghalani. Magunia 104 yamekwisha kupimwa unyevu, 36 bado. Yapimwe kabla ya Jumatano, maana lori la kwenda kiwandani linafika Alhamisi asubuhi. Kahawa iliyozidi asilimia 12 irudishwe kuanikwa. Hati zimo katika jalada la kijani, kabati la pili."

Hesabu hiyo isinakiliwe kutoka daftarini tu. Katibu na Kaimu wayahesabu magunia pamoja na kutia sahihi katika leja ya ghala, ili upungufu ukitokea ijulikane ulitokea kabla ya makabidhiano au baadaye.

2. Maamuzi yanayosubiriwa. Hapa ndipo ugomvi huzuka, kwa kuwa Kaimu hudhani amekabidhiwa hata mamlaka ya Bodi. Ikiwa mafundi watatu wameleta bei za kuezeka ghala, barua iseme: "Bodi itaamua tarehe 14. Kaimu aandae karatasi za kikao, wala asimwahidi fundi yeyote." Vilevile, barua pepe haimfanyi Kaimu kuwa mtia sahihi wa benki. Watia sahihi hubadilishwa kwa azimio la Bodi na kwa taratibu za benki yenyewe. Kwa hiyo malipo yatakayoangukia siku za likizo yapangwe mapema.

3. Watu wa kuarifiwa kwa dharura. Orodha ipangwe kwa tukio, siyo kwa majina matupu. Ghala likivunjwa: kwanza polisi, kisha Mwenyekiti, wala kitu kisiguswe. Lori likikwama: msafirishaji, kisha kiwanda. Kila nambari ipigwe na kujaribiwa kabla ya kuandikwa. Katibu aseme pia ni kwa jambo gani yeye mwenyewe apigiwe.

Neno la siri la kompyuta au la akaunti lisiandikwe kamwe katika barua hiyo, kwani barua pepe hupelekwa mbele kwa wengine kwa urahisi.

Jibu la "Nimepokea" halithibitishi kwamba Kaimu ameelewa. Aombwe ajibu kwa maneno yake mwenyewe mambo matatu atakayoyafanya kwanza. Kama hayalingani na yaliyokusudiwa, barua irekebishwe Katibu angali ofisini.