Bawaba na Mikono ya Miwani ya Watoto

Mtoto aliyeandikiwa miwani na tabibu wa macho aghalabu huivua kwa mkono mmoja, na katika jambo hilo dogo ndimo zinamoanzia hitilafu nyingi za fremu yake. Kwani aishikapo upande wa kulia na kuivuta, mkono wa miwani wa kushoto, ukiwa bado umenasa sikioni, huburutwa ubavuni mwa kichwa na kulazimishwa kufunguka kupita hadi yake.

Bawaba ya kawaida, ambayo ni pete chache za chuma zilizopachanishwa na kushikwa na parafujo moja, husimama mkono ufikapo pembemraba, na nguvu izidiyo hapo haina pa kwenda ila kwenye parafujo, ambayo hulegea, au kwenye pembe ya fremu, ambayo hupasuka. Bawaba ya springi ina kamani ndogo iliyofichwa ndani ya mkono, nayo huuruhusu mkono kwenda nje kidogo zaidi, kisha huurudisha mahali pake bila ya parafujo kudhurika. Kwa mtoto wa miaka 7 mwenye mazoea hayo ya kuvua, twaona kwamba hii ndiyo iliyo aula.

Lakini kamani haiponyi mkono dhaifu. Mkono mwembamba wa plastiki tupu huvunjika karibu na bawaba, basi mzazi na atazame hapo kwanza: kama una unene wa kutosha, kama ndani yake mna waya wa chuma uendao mpaka nyuma ya sikio, ambao hushika umbo fundi aupashapo mkono moto na kuukunja kwa kadiri ya kichwa cha mtoto, na kama bawaba imeshikizwa barabara, haichezi ikitikiswa.

Tena kamani huchoka, na jasho na mchanga huharakisha kuchoka huko. Ikikatika, mara nyingi hubadilishwa mkono mzima, ilhali parafujo ya bawaba ya kawaida hurudishwa kwa bisibisi ndogo. Kwa hiyo jamaa wakaao mbali na duka la miwani hawatakosea wakichagua bawaba ya kawaida yenye pete 5 na mkono mnene, madhali mtoto atafunzwa kuvua kwa mikono miwili.

Kila wiki ifungueni mikono yote miwili, muilaze miwani juu chini mezani. Mkono mmoja ukining'inia, fremu imepinda, na lenzi za kurekebisha astigmatizimu, ambazo hutegemea pembe maalumu, zaweza kumwonyesha mtoto ukungu ijapokuwa zilipimwa sawasawa. Ipelekeni kwa fundi, wala msitie gundi kali ya kukausha papo hapo kwenye bawaba, kwa sababu mvuke wake huweza kuacha utando mweupe juu ya lenzi, na bawaba iliyokwisha gandishwa hivyo ni taabu mno kufunguliwa.