Kupanga Matumizi ya Mwezi kwa Makundi

Orodha ya matumizi iliyochapwa kwenye simu huonyesha pesa zilikopita, lakini haisemi ni wapi zilipita nyingi. Chukua mfano wa nyumba ya kupanga Kibokoni: mchele na unga 4,800, samaki na mboga za Marikiti 3,600, mahamri ya asubuhi 1,500, kodi 12,000, tokeni za umeme 2,000, maji ya madumu 1,800, tuktuk na matatu 4,000, mchango wa harusi 3,000, na pesa zilizotolewa kwa wakala wa M-Pesa 5,000.

Jumla ni shilingi 37,700, nayo si kweli. Zile 5,000 ndizo zilizonunua samaki na mahamri, kwa hivyo zimehesabiwa mara mbili. Kutoa pesa si kutumia. Mstari huo huondolewa, na ada ya wakala peke yake ndiyo huandikwa. Kabla ya ada hiyo, matumizi halisi ni 32,700.

Orodha huhamishiwa Google Sheets au Excel: tarehe safu A, maelezo B, kundi C, kiasi D. Makundi manne yanatosha hapa: Chakula, Nyumba, Usafiri na Michango. (Harusi zikizikwa ndani ya "Mengineyo", hakuna atakayejua zimekula kiasi gani.) Majina ya makundi huandikwa tena safu F kuanzia F2, kisha G2 huwekwa fomula hii na kuburutwa chini:

```
=SUMIF(C:C,F2,D:D)
```

Chakula hutoa 9,900, Nyumba 15,800, Usafiri 4,000, Michango 3,000. Pembeni, mbali na safu D, huwekwa `=SUM(D:D)`. Jumla ya makundi lazima ilingane nayo.

Tuseme makundi yametoa 31,200. Pengo ni 1,500, na kiasi hicho ni cha mahamri. Mstari huo ukiangaliwa, huenda umeandikwa "Vyakula" badala ya "Chakula". Herufi kubwa au ndogo hazina neno, ila nafasi tupu mwishoni mwa neno huuacha mstari nje, na kibodi ya simu hupenda kuiweka yenyewe baada ya kukamilisha neno. Jicho haliioni. Dawa ni kufuta kisanduku na kunakili jina kutoka safu F.

Kosa moja halinaswi kwa kulinganisha jumla. Kiasi kikichapwa "1,500/=" au "sh 1500", jedwali hukichukua kuwa maneno, na fomula zote mbili hukiruka, kwa hivyo jumla hulingana ilhali pesa zimepotea. Dalili iko safu D: tarakimu halisi hujipanga kulia, na kilichochukuliwa kuwa maneno hubaki kushoto.