Kuipata barabara moja Nairobi kwa ramani ya karatasi

Wakazi wengi wa kaunti yetu huteremka kwenye steji Nairobi wakiwa na jina la barabara tu. Simu ikizima, au ukiogopa kuitoa mfukoni kwenye msongamano, kitabu cha ramani za mitaa kinaweza kukufikisha. Kazi kubwa haiko kwenye ramani yenyewe bali katika kurasa za nyuma, zenye orodha ya majina iitwayo faharasa.

Tuseme fundi wako amekuambia kipuri cha pampu kinapatikana "Grogan". Ukitafuta kwenye herufi G, huenda usione kitu. Grogan Road lilikuwa jina la enzi ya ukoloni. Baada ya uhuru barabara hiyo ilipewa jina Kirinyaga Road, ila mafundi na wauza vipuri hawakuliacha jina la zamani. Kadhalika, Delamere Avenue sasa ni Kenyatta Avenue na Government Road ni Moi Avenue. Kwa hiyo, kabla ya kusafiri, muulize aliyekutuma jina lililoandikwa kwenye kibao cha barabara. Ukiwa na hati ya zamani, uliza vilevile.

Sasa fungua herufi K. Majina yamepangwa kwa alfabeti, na neno la mwisho hufupishwa: Rd, St, Ave. Usilipuuze neno hilo, kwa sababu jina moja linaweza kubebwa na barabara mbili tofauti, na hapo faharasa huongeza jina la mtaa ili kuzitenganisha. Barabara zenye majina ya watu husumbua kidogo. Tom Mboya Street unaweza kuikuta kwenye T au kwenye M, kulingana na mchapishaji, basi ukiikosa pamoja jaribu pengine.

Mbele ya jina utaona kitu kama "14 D3". Huu ni mfano tu. Kitabu chako kitakuwa na tarakimu zake. Nambari ya kwanza ni ukurasa. D ni safu inayoshuka kutoka herufi zilizochapishwa juu ya ukurasa, na 3 ni mstari unaokwenda kando kutoka nambari za pembeni. Weka kidole kimoja kwenye D, kingine kwenye 3, uvisogeze mpaka vikutane.

Hapa ndipo waliosoma jiografia sekondari hukosea, na ni kosa la mtu aliyefundishwa vizuri. Kwenye ramani za upimaji za 1:50,000 zinazotumika shuleni, tarakimu za pembeni zimeandikwa kwenye mistari, na kila mstari una nambari yake. Katika kitabu cha mitaa, herufi na nambari huandikwa katikati, kati ya mstari na mstari, kwa maana zinataja nafasi nzima. Ukifuata mstari badala ya nafasi, utaangukia mraba wa jirani na kuapa kwamba ramani imekosewa.

D3 basi ni mraba, si nukta. Ukubwa wake unaweza kuupima mwenyewe kwa rula. Kama ramani ni ya kipimo cha 1:10,000, sentimita 1 ni mita 100 ardhini. Mraba wenye upande wa sentimita 5 ni nusu kilomita kila upande. Humo mna barabara nyingi. Zungusha jicho kwa utaratibu, kutoka kona ya juu kushoto ukishuka, na ukumbuke kwamba jina huchapishwa likifuata barabara, hivyo linaweza kulala mshazari au kusimama wima.

Ukiipata, usiondoke kabla ya kuihakiki kwa majirani zake. Kirinyaga Road inaanzia kwenye mzunguko wa Globe. Mto Nairobi uko upande wake mmoja, na River Road iko upande wa katikati ya jiji. Yaandike mambo hayo matatu kwenye karatasi yako. Ukifika mjini na kuuliza njia, mtu asiyejua duka lako atajua mzunguko wa Globe.

Jambo moja zaidi kuhusu barabara ndefu. Faharasa nyingi hutoa mraba mmoja tu, ilhali barabara kama Ngong Road hupita kurasa kadhaa. Mraba huo hauonyeshi namba ya jengo lako, na unaweza kuteremka kilomita nyingi kutoka unakokwenda. Kwa barabara kama hiyo, pata pia jina la njia inayokatiza karibu na jengo, ulitafute nalo kwenye faharasa, kisha uangalie zinapokutana. Mstari ukifika ukingoni mwa ukurasa, tazama nambari ndogo iliyochapishwa hapo pembeni: ndiyo ukurasa ambako barabara inaendelea.