Wakubwa wakikutoa ofisini, hisa zako zinunuliwe kwa bei gani?

*Wakili wa sheria za kampuni anajibu maswali ya wanahisa wenye hisa chache katika kampuni za kifamilia na za marafiki.*

Tuko watatu kwenye kampuni ya kusaga na kukoboa nafaka. Kaka zangu wana asilimia 35 kila mmoja, mimi 30. Mwaka jana waliitisha mkutano mkuu wakaniondoa kwenye ukurugenzi, mshahara ukakatika, na gawio hatujawahi kugawana. Je, walivunja sheria?

Kwenye kukuondoa, huenda hawakuvunja kifungu chochote. Mkurugenzi huondolewa kwa azimio la kawaida, yaani kura zinazozidi nusu, na kaka zako wana 70. Asilimia yako 30 inaweza kuzuia azimio maalumu, ambalo linahitaji robo tatu ya kura, lakini haiwezi kukulinda kwenye kiti cha ukurugenzi.

Hata hivyo, suala haliishii hapo. Kifungu cha 233 cha Sheria ya Makampuni ya Tanzania kinamruhusu mwanahisa kwenda mahakamani akionyesha kwamba shughuli za kampuni zinaendeshwa kwa namna inayomuumiza isivyo haki. Kenya wana kinga ya aina hiyo katika kifungu cha 780 cha sheria yao ya mwaka 2015. Kwa hiyo jambo linaweza kuwa halali kwenye makaratasi na bado likawa la uonevu.

Mahakama inautambuaje uonevu kama kila kitu kimefuata katiba ya kampuni?

Inauliza watu hawa waliungana kwa makubaliano gani. Kesi inayolieleza hili vizuri ni ya Uingereza, na mahakama zetu huzisoma hukumu za huko kama mwongozo ingawa hazifungwi nazo. Bwana Ebrahimi na Bwana Nazar walikuwa wabia wa biashara ya mazulia ya Kiajemi. Mwaka 1958 ubia wao ukageuzwa kampuni, nusu kwa nusu. Baadaye mtoto wa Nazar akaingia, kila mzee akamkatia hisa 100 kati ya 500 alizokuwa nazo. Hesabu ikawa 400, 400 na 200, na baba na mwana wakawa na wingi wa kura. Mwaka 1969 wakamwondoa Ebrahimi kwenye ukurugenzi. Kampuni ilikuwa na faida, lakini faida yote ilitoka kama malipo ya wakurugenzi, si gawio. Siku alipotolewa ofisini, hisa zake 400 ziliacha kumpa chochote.

Mwaka 1972 mahakama ya juu ya nchi hiyo ilikubali kwamba Nazar alitumia haki aliyokuwa nayo kisheria. Lakini ilisema haki hiyo ina mipaka, kwa kuwa watu hao waliungana kwa kuaminiana, kila mmoja akitegemea kushiriki uendeshaji, na hakuna soko ambalo mtu angeenda kuuza hisa zake akaondoka. Wewe na kaka zako mnafanana nao kwa yote matatu. Mwenye hisa za kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam hawezi kujenga hoja hiyo kirahisi, kwa sababu alinunua kutoka sokoni na anaweza kuuza hapo hapo.

Kwa hiyo Ebrahimi alinunuliwa hisa zake?

Hapana, na hapo ndipo sheria ya zamani ilipopungukiwa. Aliomba kwanza Nazar aamriwe kuzinunua. Ombi hilo lilikataliwa, kwa kuwa mtu alilazimika kuthibitisha ukandamizaji mzito kuliko huo. Alichopata ni amri ya kuvunja kampuni iliyokuwa hai na yenye faida. Dawa ya namna hiyo inamwumiza kila mtu, wakiwemo wafanyakazi na wateja.

Sheria za sasa zimelegeza kipimo na kupanua mamlaka ya jaji. Anaweza kuamuru kampuni iache jambo fulani, au iendeshwe kwa utaratibu atakaoupanga, au kuruhusu kesi ifunguliwe kwa jina la kampuni dhidi ya waliochota mali yake. Anaweza pia kuamuru hisa zinunuliwe na wanahisa wengine au na kampuni yenyewe. Katika kampuni kama yenu hiyo ya mwisho ndiyo inayofaa zaidi, maana hakuna amri itakayowarudisha ndugu waliokosana kwenye meza moja. Kosa dogo linalorekebishika, kama mkutano mmoja ulioitishwa kwa notisi fupi, halitoshi kumfikisha jaji huko.

Wanasema hisa zangu ni za wachache, hivyo bei lazima ishuke. Ni kweli?

Hili ndilo linalowagharimu watu fedha nyingi, kwa hiyo tulifanyie hesabu. Tuchukulie vitabu vya kampuni yenu vinaonyesha faida ya shilingi milioni 150 kwa mwaka, na mthamini anaona biashara ya aina hii ina thamani ya faida ya miaka minne. Kampuni ni milioni 600. Asilimia 30 ni milioni 180. Wao wanasema mnunuzi wa nje asingetoa bei kamili kwa hisa zisizo na sauti, basi tupunguze asilimia 40. Unaambiwa uchukue milioni 108.

Mambo mawili hayako sawa hapo. La kwanza, katika kampuni ya kuaminiana mahakama kwa kawaida haipunguzi. Wewe huuzi kwa hiari kwa mtu baki. Umefukuzwa, na wanaokununua ni wale wale watakaobaki na kampuni nzima, hivyo wakipewa punguzo watakuwa wamelipwa kwa kukuonea.

La pili ni faida yenyewe. Tuseme mkitazama mikataba mnakuta malori yanayobeba mahindi yamekodiwa kutoka kampuni ya kaka mmoja, kwa milioni 4 kila mwezi juu ya bei ya soko. Hiyo ni milioni 48 kwa mwaka zilizotoka kabla faida haijaandikwa. Zirudishe. Faida inakuwa 198, kampuni 792, na fungu lako, tukiweka kodi kando, ni milioni 237.6, zaidi ya mara mbili ya walichokutajia. Msingi wa kuzirudisha ni wa zamani: mwaka 1958, katika shauri la Meyer na chama kikuu cha ushirika cha Scotland kilichoinyima kampuni tanzu malighafi hadi ikanyauka, hisa zilinunuliwa kwa thamani ambayo zingekuwa nayo kama uonevu usingekuwapo.

Wameniandikia barua wakitaka kuninunua. Nikikataa nitapoteza?

Inategemea barua inasema nini. Katika shauri la O'Neill na Phillips la mwaka 1999, Lord Hoffmann alieleza kwamba ofa ya haki ikishawekwa mezani, mwanahisa kwa kawaida hana tena sababu ya kulalamika kwamba ameondolewa. Alitaja vigezo ambavyo mimi huvitumia kusoma kila barua ya aina hii. Bei iwe ya haki bila punguzo la uchache. Mkishindwa kukubaliana, ipangwe na mtaalamu asiyeegemea upande. Nanyi nyote muwe na fursa sawa ya kuziona taarifa za kampuni na kumweleza mtaalamu huyo hoja zenu.

Barua inayotaja bei tu na kukupa siku saba haifikii hapo. Ijibu kwa maandishi: kubali kanuni ya kuuza, omba mthamini huru, omba hesabu zilizokaguliwa na mikataba ya malori. Ukinyimwa, barua hiyo itakuwa ushahidi wako. Lakini ofa ikitimiza vigezo hivyo na ukaikataa kwa hasira, ombi lako linaweza kutupwa na gharama za mawakili zikakuangukia.

Na kama hawana fedha taslimu?

Jaji anaweza kupanga malipo kwa awamu. Wakili wako aombe riba juu ya salio na dhamana juu ya mali ya wanunuzi, kwa sababu ukishahamisha hisa zako bila dhamana unabaki kuwa mdai wa kawaida. Kampuni nayo inaweza kuzinunua na mtaji wake ukapunguzwa kwa kiasi hicho, lakini wadai wake, hasa benki, wasiachwe mikono mitupu. Ikiwa ndugu hawana uwezo na kampuni haina, ombi mbadala la kuvunja kampuni liwemo kwenye hati yako tangu siku ya kwanza.